Siku Ngapi za Majaribio Bila Mshahara?

Swali limerudi tena, safari hii kwa binti aliyeshuka kutoka Mamba kutafuta kazi ya uhudumu Same mjini: "Samahani, sheria inamruhusu bosi kunijaribu siku ngapi bila kunilipa?" Kuna wanaoapa ni siku 3, kuna wa 7, na wapo wanaosema mwezi mzima. Jibu ni sifuri. Hakuna kifungu chenye siku hizo, na anayewatajia namba huwa hakitaji kifungu, kwa sababu hakipo.

Imani hii imetokana na mambo mawili yaliyochanganywa. La kwanza ni probesheni. Kanuni za mwaka 2007 za Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini zinamruhusu mwajiri kumweka mtu kwenye majaribio, na muda wake usizidi miezi 12. La pili ni kwamba sheria hiyo ya 2004 humnyima mwenye chini ya miezi 6 kazini kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki. Watu wakayaunganisha wakapata "miezi 6 huna haki". Si kweli hata kidogo! Unachokosa hapo ni nguvu ya kupinga kuachishwa kwenyewe. Mshahara wa siku ulizokwishafanya uko palepale, na sheria hiyohiyo inasema kazi ikikoma, kwa sababu yoyote ile, ulipwe ujira wa kazi uliyofanya. Aliye kwenye probesheni ni mwajiriwa anayepimwa, na mwajiriwa hulipwa.

Hapo mwajiri hujibu: "Huyu hajaajiriwa, hana mkataba." Hoja dhaifu. Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya 2004, humchukulia anayemfanyia mwingine kazi kuwa mwajiriwa hadi ithibitishwe vinginevyo, mradi dalili mojawapo iwepo: saa zake anapangiwa, namna ya kufanya kazi anaelekezwa, vifaa anapewa. Mhudumu aliyevalishwa aproni na kuambiwa aingie saa 12 asubuhi ana dalili mbili kabla hajabeba sahani ya kwanza. Karatasi ya "nakubali kujitolea" aliyosainishwa getini haibadilishi alichokifanya ndani.

Tuchukue mgahawa wa kubuni pale barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Moshi, mabasi yanaposimamisha abiria kula. Unahitaji wahudumu wanne, umeajiri watatu. Nafasi ya nne hupewa "wa majaribio", Jumatatu hadi Jumamosi, kisha huambiwa "tutakupigia", na Jumatatu inayofuata anaingia mwingine. Kama kazi hiyo ni ya shilingi 260,000 kwa mwezi, sheria inagawa kwa 4.333 kupata wiki, kisha kwa siku za kazi za wiki. Inatoka karibu 60,000 kwa wiki, 10,000 kwa siku. Kila binti ameacha 60,000 mezani. Mwenye mgahawa amekwepa 3,120,000 kwa mwaka. Tena hakuna aliyepimwa. Nani alimtazama? Alipewa alama gani? Wale watatu waliajiriwa lini, na kuna hata mmoja aliyeingilia mlango huo wa majaribio?

Kupima halisi kunakoma, na matokeo yake hayauzwi. Mwalimu akifundisha kipindi kimoja huku mkuu wa shule amekaa nyuma na kalamu, huo ni usaili. Akipewa rundo la madaftari ya kidato cha pili asahihishe wiki mbili, shule imepata mwalimu wa bure. Ni hivyohivyo kwa kijana wa kompyuta anayeambiwa atengeneze bango la tangawizi ya Pare "tuone uwezo wako", kisha analikuta limebandikwa dukani.

Cha kufanya, harakaharaka. Kabla ya kuanza, uliza kwa ujumbe wa simu: majaribio yanaisha lini, nani ananipima, kwa siku nalipwa ngapi, jibu litunze, na kimya chake pia kitunze. Piga picha ratiba ya zamu. Zoezi la bango lifanye kwa bidhaa ya kubuni, tuma nakala hafifu yenye jina lako katikati. Ukinyimwa ujira, anza na Afisa Kazi, au jaza fomu CMA F1 ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Ofisi ya mkoa iko Moshi. Mwajiri akishindwa kuleta maelezo ya ajira kwa maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unamwangukia yeye. Kwa 60,000 peke yako, nauli za kwenda na kurudi zitakumaliza, kwa hiyo watafute waliokutangulia kwenye nafasi hiyohiyo. Wahudumu wale watatu wanawajua kwa majina.