Kufungua na Kufunga Nyaya za Betri ya Gari

Kabla ya kugusa betri, zima injini na utafute namba ya siri ya redio. Baadhi ya redio hujifunga umeme unapokatika na kuonyesha neno CODE. Kubahatisha namba mara kadhaa huzidi kuzifunga. Kwa hiyo tunamshauri anayenunua gari lililotumika amdai muuzaji namba hiyo kabla ya kulipa.

Fungua kwanza waya wa hasi, wenye alama ya kutoa. Katika magari ya kisasa waya huo umeungwa na bodi. Ukianza na chanya, kisha spana ikagusa bodi, umeme mwingi wa betri utapita katika spana hiyo. Itatoa cheche, yaweza kukuunguza, na gesi ya betri yaweza kulipuka. Hasi ikishaondolewa, njia hiyo imekatika. Wakati wa kurudisha, funga chanya kwanza, hasi mwisho.

Baada ya hapo injini yaweza kutetemeka au kuzimika gari linaposimama, kwa kuwa kompyuta yake imesahau kiwango cha hewa ilichokuwa imejifunza. Iache iungurume kama dakika 10 bila kukanyaga mafuta, taa na kiyoyozi vikiwa vimezimwa. Mtetemo ukiisha, huna kipuri cha kununua. Ukiendelea, mwombe fundi aifundishe upya kompyuta hiyo kwa utaratibu wa mtengenezaji kabla hujakubali kubadilishiwa chochote.