Faili nzito za muziki: je, masikio yetu yanapata faida?

Vijana wengi wa kwaya zetu sasa wanapokea nyimbo katika faili zenye alama ya Hi-Res. Wengine wanaambiwa studioni kwamba wakitaka sauti safi kabisa, lazima wachukue faili hizo na kununua kadi ya memori kubwa zaidi. Swali wanalotuletea ni la haki: mtu anayesikiliza kwa simu, na visikilizio vya kawaida vya masikioni, atasikia tofauti yoyote? Tunajibu mapema: hapana. Lakini jambo hilo linahitaji kuelezwa, kwa sababu mahali pengine faili nzito ina kazi yake, na mtu asiyejua sababu anaweza kufuta kitu ambacho hakupaswa kufuta.

Tuanze na maana ya uzito huo. Mashine ya kurekodi haihifadhi sauti yenyewe. Inapima nguvu ya wimbi la sauti mara nyingi sana kila sekunde na kuandika namba. Sidi ya muziki, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, inapima mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo kinaandikwa kwa biti 16. Faili nzito hupima mara 96,000 au hata 192,000, na kila kipimo kina biti 24. Watu hudhani kwamba vipimo vya sidi ni kama ngazi zenye mapengo, na kwamba kuongeza vipimo ni kujaza mapengo hayo. Sivyo. Hesabu ya mawimbi inaonyesha kwamba ukipima mara 44,100, kila sauti yenye mitetemo chini ya nusu ya namba hiyo, yaani karibu 22,000 kwa sekunde, inarudishwa nzima, bila pengo. Vipimo vya ziada havifanyi sauti hizo ziwe laini zaidi. Vinaongeza tu sauti zilizo juu ya hapo.

Na juu ya hapo mwanadamu hasikii kitu. Kijana mwenye masikio mazima husikia hadi mitetemo karibu 20,000 kwa sekunde. Kadiri miaka inavyoongezeka kikomo hicho kinashuka, na watu wengi wa miaka 50 hawafiki hata 15,000. Noti ya juu kabisa ya piano ina mitetemo 4,186 tu. Kinachobaki juu yake ni ule mng'ao wa matoazi na wa herufi kama “s” mdomoni mwa mwimbaji, nao pia uko ndani ya sidi.

Biti nazo ni jambo lingine. Biti hazihusu sauti za juu, bali umbali kati ya sauti kubwa kabisa na mchakacho mdogo unaobaki chini yake. Kila biti huongeza desibeli 6 hivi, kwa hiyo biti 16 zinatoa karibu 96, na biti 24 karibu 144. Fikiri chumba kimya usiku, bila jenereta ya jirani wala pikipiki barabarani. Chumba hicho bado kina kelele ya desibeli 30 hivi. Ili mchakacho wa sidi upande juu ya kelele hiyo, ungelazimika kufungua muziki hadi desibeli zaidi ya 120, kiasi kinachoumiza masikio. Basi biti nane za ziada, kwa msikilizaji, zinahifadhi kwa uangalifu mkubwa kelele ambayo hakuna mtu atakayeisikia.

Haya si maneno ya vitabu tu. Mwaka 2007 Wamarekani wawili, Meyer na Moran, walichapisha jaribio ambamo watu walisikiliza rekodi nzito kwa vyombo vizuri. Mara nyingine sauti ilipita moja kwa moja, mara nyingine ilipunguzwa kwanza hadi kipimo cha sidi, bila msikilizaji kujua ni ipi. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276. Ukirusha sarafu hewani utapata karibu hivyo hivyo. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa London alikusanya majaribio 18 ya namna hiyo na kuyahesabu pamoja. Alipata majibu sahihi asilimia 52.3, na waliofundishwa kusikiliza walifanya vizuri zaidi ya wengine. Kwa hiyo hatusemi kwamba hakuna mtu hata mmoja duniani anayeweza kutambua kitu, akiwa na mafunzo, vyombo vya bei kubwa na chumba tulivu. Tunasema kwamba mtu huyo si msikilizaji wa kawaida aliye ndani ya taksi-basi.

Kwa nini basi wengine wanaapa kwamba wamesikia tofauti? Mara nyingi wamesikia kweli, ila sababu si ile wanayodhani. Meyer na Moran wenyewe waliona kwamba rekodi nyingi zilizouzwa kama nzito zilikuwa zimetengenezwa studioni kwa uangalifu zaidi, hazikubanwa ili zipige kelele. Uzuri huo unabaki hata ukiipunguza faili hadi kipimo cha sidi. Tena kuna mtego wa sauti kubwa: wimbo uleule ukipigwa juu kidogo tu, sikio linauhesabu kuwa bora. Ukilinganisha faili nzito na MP3 uliyoipata mahali pengine, hulinganishi uzito. Unalinganisha kazi mbili tofauti.

Sasa tuingie katika hesabu ya kadi. Chukua albamu ya nyimbo 12, kila wimbo dakika 5, yaani saa moja ya muziki. Kwa biti 24 na vipimo 192,000, bila kubanwa, albamu hiyo inakula giga 4.1. Kwa vipimo 96,000 inakula giga 2. Kwa kipimo cha sidi ni mega 635, na ukiibana kwa FLAC, ambayo haipotezi hata namba moja, mara nyingi inashuka hadi kati ya mega 300 na 400. MP3 ya kilobiti 192 kwa sekunde inachukua mega 86 tu. Kadi ya giga 16 itabeba albamu 3 za aina ya kwanza. Albamu za MP3 hiyo itabeba zaidi ya 180. Na anayepakua kwa mtandao wa simu anazilipia mega hizo zote, awe amesikia tofauti au hakusikia.

Kama visikilizio ni vya Bluetooth, hesabu inakuwa ya kuchekesha kidogo. Njia ya kawaida ya Bluetooth hupitisha karibu kilobiti 330 kwa sekunde, wakati faili ya vipimo 96,000 ina kilobiti 4,608. Simu inalazimika kuibana upya kabla ya kuituma. Umebeba gunia zima hadi mlangoni, na mlango unapitisha kikombe kimoja kimoja.

Tofauti inayosikika kweli iko upande wa chini. MP3 ya kilobiti 64, au ya 128 iliyotengenezwa ovyo, inaharibu matoazi hadi yanasikika kama maji yanayobubujika, makofi ya waimbaji yanafifia, na sauti za kwaya kubwa zinachanganyikana. Inakuwa mbaya zaidi wimbo unapobanwa mara nyingi: mmoja anautoa kwenye video, mwingine anaubadilisha kuwa MP3, wa tatu anaupunguza tena ili autume. Kila hatua inatupa kitu, na kilichotupwa hakirudi. Ukichukua MP3 hiyo na kuigeuza FLAC au WAV, faili inanenepa lakini sauti inabaki ileile. Wako wanaouza faili kama hizo kwa jina la ubora wa juu. Ukiwa na kompyuta unaweza kuwakamata: fungua faili katika programu ya Audacity, kisha chagua kuonyesha wimbo kama Spectrogram. Ukiona rangi imekatika kama kwa kisu karibu na 16,000, na juu yake giza tupu wimbo mzima, karibu hakika faili ilipitia MP3 ndogo, hata kama jina lake linaishia kwa FLAC.

Anayetaka kujipima mwenyewe afanye hivi. Achukue faili moja nzito ya kweli, na kutoka kwa hiyo hiyo atengeneze nyingine mbili kwa programu ya ffmpeg:

```
ffmpeg -i wimbo.flac -ar 44100 -sample_fmt s16 sidi.flac
ffmpeg -i wimbo.flac -b:a 192k ndogo.mp3
```

Kwa kuwa zote zimetoka kwa mama mmoja, nguvu ya sauti ni sawa. Avae visikilizio vyake vya kila siku, vyenye waya ikiwezekana. Rafiki ashike kompyuta mahali asipoona, arushe sarafu kila mara ili kuchagua kati ya nzito na nyingine moja, amchezee nusu dakika ileile, na kuandika jibu lake. Warudie mara 10. Majibu 6 au 7 sahihi hayaonyeshi kitu, kwa maana mtu anayekisia tu huyapata mara nyingi. Akipata 9 au 10, amesikia tofauti, na ana haki ya kununua kadi kubwa. Tunadhani wachache watafika hapo kwa MP3 ya 192, na kwa faili ya sidi tungeshangaa sana.

Biti 24 zina kazi ya kweli siku ya kurekodi. Kwaya ikianza kwa kunong'ona na kumaliza kwa nguvu zote, fundi hawezi kujua mapema sauti itapanda kiasi gani. Akirekodi kwa biti 24 anaacha nafasi ya desibeli 12 hata 18 juu, ili kilele kisipasuke, na baadaye anaweza kupandisha sehemu za chini bila mchakacho kuonekana. Vipimo 48,000 vinatosha. Kwa hiyo kwaya inapolipia studio, isiombe faili nzito za kugawia washiriki. Iombe faili ya asili ya kila wimbo, WAV au FLAC, ya biti 24, iliyotoka mezani kwa fundi kabla ya kubanwa. Kwa saa moja ya muziki katika vipimo 48,000, hiyo ni kama giga moja tu.

Giga hiyo moja ihifadhiwe mahali pawili, kwa mfano diski moja kwa kiongozi wa kwaya na nyingine katika ofisi ya parokia, si katika nyumba moja. Kutoka kwa asili hiyo mtatoa MP3 mpya kila mnapohitaji. Nakala za MP3 zilizoko katika simu za watu zinaweza kufutwa bila hofu. Ya asili haifutwi ili kupata nafasi, na ikipotea hakuna programu itakayoitengeneza tena kutoka kwa MP3. Na mnapotuma wimbo kwa WhatsApp, mtume kama dokima. Msiupige kwa spika na kuurekodi upya kama ujumbe wa sauti, kwa sababu ujumbe wa aina hiyo umetengenezwa kwa maongezi na hubanwa sana.