Barua ya Kuiomba Benki Iahirishe Marejesho Wakati wa Ugonjwa

Mkopaji anapougua, tarehe ya rejesho haimsubiri apone. Mkataba wa mkopo hubaki kama ulivyotiwa saini mpaka benki yenyewe ikubali, kwa maandishi, kuubadilisha. Kuahirishiwa marejesho ni jambo la kuombwa, na benki inaweza kulikubali, kulikubali kwa sharti au kulikataa. Kwa hiyo barua inayofaa ni ile inayomwezesha afisa mikopo kuona mambo matatu bila kuuliza: ugonjwa ulianza lini, umekatizaje kipato, na malipo yatarejea tarehe ipi.

Tuchukue mfano wa fundi seremala aliyebakiza deni la msingi la shilingi 4,000,000. Riba ni asilimia 18 kwa mwaka, inayokokotolewa kwa salio linalopungua, na amebakiza marejesho 18 ya takriban shilingi 255,200, kila tarehe 15 ya mwezi. Tarehe 2 Machi 2025 alianguka na kuvunjika mfupa wa paja. Kazi yake hufanywa kwa kusimama, hivyo kipato kilikatika siku hiyo hiyo. Tarehe 6 Machi, kabla rejesho lolote halijachelewa, aliandika hivi:

Meneja wa Tawi,

YAH: OMBI LA KUAHIRISHA MAREJESHO YA MKOPO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkopaji katika tawi lako. Namba ya mkopo wangu na ya simu nimeziandika juu ya barua hii. Marejesho yangu yote hadi Februari 2025 yamelipwa kwa wakati.

Tarehe 2 Machi 2025 nilivunjika mfupa wa paja la kulia. Daktari amenizuia kufanya kazi ya kusimama kwa wiki 14, kuanzia tarehe 3 Machi hadi tarehe 9 Juni 2025. Kipato changu hutokana na useremala ninaoufanya mwenyewe, nacho kimesimama.

Ninaomba kuahirishiwa malipo ya deni la msingi kwa marejesho matatu, ya Machi, Aprili na Mei. Katika miezi hiyo nitalipa riba peke yake, shilingi 60,000 kila mwezi, kutokana na mauzo ya viti vilivyokwisha kutengenezwa. Nitaanza tena marejesho kamili tarehe 15 Juni 2025, na ninaomba tarehe ya mwisho ya mkopo isogezwe mbele kwa miezi mitatu.

Naambatisha nakala ya barua ya daktari ya tarehe 5 Machi 2025 na nakala ya kadi ya kliniki. Mdhamini wangu nimemjulisha. Naomba nijibiwe kwa maandishi.

Barua hii haielezi maumivu wala haiombi huruma. Sentensi zake nyingi zina tarehe, kiasi au ombi ambalo benki inaweza kulipima.

Sasa tuutazame uthibitisho wa daktari, maana hapo ndipo maombi mengi hukwama. Risiti za dawa na picha za mionzi huonyesha kuwa mtu ametibiwa. Hazionyeshi kuwa hawezi kufanya kazi, wala kwa muda gani. Kinachohitajika ni barua ya daktari anayemtibu, yenye nembo ya kituo, jina na cheo chake, saini, tarehe na mhuri, ikitaja siku tiba ilipoanza na muda ambao mgonjwa hatakiwi kufanya kazi. Katika hospitali ya wilaya au kituo cha afya, barua hiyo huombwa kwa daktari husika au kupitia kwa Mganga Mfawidhi. Muda ulioombwa benki usizidi ule ulioandikwa na daktari. Fundi wetu angeomba miezi sita kwa barua ya wiki 14, afisa angekuwa na sababu ya kulitilia shaka ombi zima. Mgonjwa anayetaka kuficha maradhi yake anaweza kumwomba daktari aandike tu kwamba hana uwezo wa kufanya kazi kwa muda fulani. Benki ipewe nakala, na barua halisi ibaki kwa mgonjwa, aionyeshe akitakiwa.

Jambo la pili ni riba. Kuahirisha rejesho hakuzuii riba kuendelea kuhesabiwa, isipokuwa benki imeandika kwamba imeisimamisha. Kwa deni la shilingi 4,000,000, riba ya mwezi mmoja ni shilingi 60,000. Fundi akilipa riba hiyo katika miezi mitatu, atarudi kazini deni likiwa palepale, na rejesho lake halitabadilika. Asipolipa chochote, na benki ikaiongeza riba kwenye deni, atadaiwa takriban shilingi 4,182,700. Mkopo ukisogezwa mbele kwa miezi mitatu, kila rejesho litakuwa takriban shilingi 266,900. Tarehe ya mwisho ikiachwa ilivyokuwa, atabaki na marejesho 15 ya takriban shilingi 313,500 kila moja, mzigo mzito kwa mtu anayeanza kutembea upya. Kwa sababu hiyo hapana budi mwombaji ataje katika barua anachotaka kifanyike mwishoni mwa mkopo, asiishie kuomba miezi tu.

Angenyamaza je? Kwa taratibu za kibenki, mkopo uliopitisha siku 90 bila kulipwa huingia katika kundi la mikopo chechefu, na taarifa zake husomwa na wakopeshaji wengine. Kuanzia tarehe 15 Machi, siku ya 90 ingeangukia tarehe 13 Juni, siku mbili tu kabla ya siku aliyokusudia kuanza kulipa.

Barua ipelekwe tawini katika nakala mbili, na nakala ya mkopaji igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Mgonjwa akiwa kitandani, ndugu anaweza kuifikisha barua iliyosainiwa na mkopaji mwenyewe. Lakini benki inafungwa na wajibu wa kutunza siri za mteja, hivyo haitajadili mkopo na mke, mume wala mtoto asiye na hati ya uwakilishi iliyothibitishwa na wakili. Aulize pia kama mkopo una bima. Aghalabu bima hizo hulipa kwa kifo au ulemavu wa kudumu, si kwa ugonjwa wa muda, ila masharti hutofautiana.

Kwa mwajiriwa, hesabu ya tarehe ni nyingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Ombi lake litakuwa na nguvu zaidi likihusu miezi ambayo mshahara umepungua, likiambatishwa na barua ya mwajiri inayotaja tarehe hizo.

Jibu likija, lisomwe kabla ya kusainiwa: miezi mingapi imekubaliwa, riba itatozwaje, kuna ada gani, na mdhamini anatakiwa kusaini upya au la. Benki isipojibu, au ikitenda kinyume cha ilichokubali, malalamiko hupelekwa kwanza kwa benki hiyo kwa maandishi. Yasipotatuliwa, hupelekwa Benki Kuu ya Tanzania, yakiambatishwa na ile nakala yenye mhuri wa kupokelewa.