Uhamisho umefika, kodi ya mwaka imeshalipwa

Barua ya uhamisho humpa mfanyakazi tarehe ya kuripoti kituo kipya. Mkataba wake wa nyumba haujui tarehe hiyo.

Tuchukue mfano wa mhasibu aliyepanga nyumba Sinza, Dar es Salaam, kwa shilingi 400,000 kwa mwezi. Amelipa mwaka mzima kuanzia Januari. Katikati ya Aprili anaambiwa aripoti Dodoma Juni mosi. Miezi saba iliyobaki ni shilingi 2,800,000, na mkataba unasema wazi kwamba mpangaji akiondoka mapema, kodi hairudishwi.

Uhamisho peke yake haumwondolei wajibu. Hata hivyo, Sheria ya Mikataba ya Tanzania, kifungu cha 74, inakichukulia kiasi cha adhabu kilichotajwa kwenye mkataba kuwa kikomo tu: mahakama hutoa fidia inayostahili, isiyozidi hapo. Kifungu cha 73 nacho kinataka izingatiwe kama aliyeumia alikuwa na njia ya kupunguza hasara. Kwa mwenye nyumba, njia hiyo ni kupata mpangaji mwingine. Akimpata huku ameshikilia kodi ya yule wa kwanza, miezi ileile inalipwa mara mbili.

Lakini nani ana hamu ya kesi wakati anafunga mizigo? Busara ni kwenda mapema na pendekezo mkononi, pamoja na nakala ya barua ya uhamisho. "Mzee, sikuombi unirudishie leo," mhasibu anaweza kuanza. "Akija mpangaji mpya, ndipo tuhesabiane."

Sentensi hiyo inagusa penyewe, maana mara nyingi kodi ya mwaka ilishageuka karo au mabati. Mhasibu anajitolea kumlipa dalali kodi ya mwezi mmoja, 400,000, na kuacha 400,000 nyingine kufidia Juni, nyumba ikikaa tupu. Anabaki akidai 2,000,000. Mpangaji mpya akiingia Julai mosi na kulipa miezi sita, mwenye nyumba anapokea 2,400,000, hivyo anaweza kumaliza deni siku hiyohiyo. Akilipa miezi mitatu tu, marejesho yagawanywe mara mbili. Nyumba ikichelewa kupata mtu, kila mwezi mtupu unapunguza dai.

Makubaliano hayo yaandikwe kama nyongeza ya mkataba na kusainiwa na wote wawili mbele ya shahidi. Siku ya kukabidhi funguo wapite chumba kwa chumba, wapige picha na kumaliza bili ya maji.

Kipengele kimoja husahaulika: bei. Mwenye nyumba anaweza kuona hiyo ndiyo nafasi ya kupandisha kodi hadi 500,000, wateja wakaja, wakatazama na kuondoka, huku miezi mitupu ikihesabiwa kwa mhasibu aliyeko Dodoma. Nyongeza iseme kwamba nyumba itatangazwa kwa 400,000. Akitaka zaidi, miezi ya kusubiri ni juu yake.