Kabla ya Kamba Kushuka: Mafunzo ya Asubuhi Kuhusu Hewa ya Duarani

Wakazi wengi wanakumbuka ajali ya Nyangarata, wilayani Kahama, mwaka 2015, ambapo wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Wanakumbuka pia Januari 2017 mkoani Geita, wachimbaji 15 walipookolewa baada ya kufukiwa mgodini. Katika matukio yote mawili adui alikuwa kifusi, na kifusi hujulikana kwa kishindo chake. Hatari inayoelezwa hapa haina kishindo wala harufu.

Mvua zinapojaza maji maduara, wachimbaji hutafuta pampu ya petroli. Pampu iliyowekwa juu haiwezi kuvuta maji kutoka kina kinachozidi takribani mita saba, hata injini yake iwe na nguvu kiasi gani. Ndiyo sababu baadhi huifunga kamba na kuiteremsha duarani. Hapo moshi wake hukosa pa kutokea, na ndani yake mna gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo hushika damu na kuizuia kubeba hewa safi. Kichwa huuma, miguu hulegea, kisha mtu huanguka. Mwenzake humfuata ili amwokoe, naye huanguka juu yake.

Kwa hiyo kanuni za kufundisha wafanyakazi ni mbili tu: injini haishuki duarani, na aliyeanguka hafuatwi bila hewa kupimwa. Kuzitamka ni rahisi. Ugumu ni kuzifanya zikumbukwe na mtu aliyeshikwa na hofu, akisikia jina lake likiitwa kutoka chini.

Msimamizi hukusanya zamu yote mdomoni mwa duara kabla mtu yeyote hajavaa mkanda. Hutamka kanuni ya kwanza kwa maneno yaleyale kila siku, asiyapambe wala kuyabadilisha: “Injini haishuki duarani.” Zamu hurudia kwa pamoja. Kisha hueleza sababu kwa ufupi, na kutamka tena. Kanuni ya pili hufuata njia hiyo hiyo.

Sauti ya wengi, hata hivyo, humficha asiyeelewa. Swali la “Mmeelewa?” nalo halifai kitu, kwa kuwa jibu lake ni “Ndiyo” hata kwa aliyekuwa akiwaza deni lake dukani. Swali lenye manufaa humlenga mtu mmoja na humweka ndani ya tukio. Mfano wa mazungumzo ni huu:

“Kaka, mwenzako yuko chini, umemwita mara tatu hajibu. Utafanya nini?”

“Nitateremsha mshumaa kwanza. Ukiwaka, nitashuka.”

Jibu hili husikika mara nyingi, na lina nusu ya ukweli. Mshumaa huzimika oksijeni inapopungua sana, lakini hauitambui kaboni monoksaidi. Gesi hiyo ikifikia sehemu moja tu katika mia ya hewa, yaweza kuua ndani ya dakika chache huku mshumaa ukiendelea kuwaka. Lau msimamizi angeuliza “Mmeelewa?”, imani hiyo ingeshuka duarani pamoja na mwenyewe.

Anayekosea hagombezwi, kwani aliyegombezwa leo atanyamaza kesho. Msimamizi hutamka kanuni, humweleza kuhusu mshumaa, humwuliza mwingine, kisha humrudia yule wa kwanza kwa swali lilelile. Ajibu kwa maneno yake, hata kwa Kisukuma, mradi ataje hatua zenyewe: sishuki, nawazuia wengine wasishuke, kama mwenzangu ana mkanda na kamba, tunamvuta kutoka juu, tunapiga simu 114 ya Zimamoto na Uokoaji. Asipoweza kuzitaja, hashuki siku hiyo, bali hubaki juu kwenye winchi baada ya kurudia hatua zote mbele ya wenzake.

Maswali hurudi baada ya chakula cha mchana, pale watu wanapodhani somo limekwisha, na hurudi tena asubuhi inayofuata kwa sura nyingine: “Maji yamejaa, tajiri anataka kazi iendelee, pampu ipo. Tunafanyaje?” Jibu linalotakiwa ni pampu ya umeme ya kuzamishwa majini, ambayo haitoi moshi, au ndoo na winchi. Injini hukaa juu, mbali na mdomo wa duara, upande ambao upepo hautarudisha moshi ndani.

Mafunzo haya yana kikomo chake. Hayamsaidii kibarua ambaye mwenye duara amemwamuru ateremshe pampu, ikiwa kukataa ni kupoteza kazi. Kwa sababu hiyo mwenye duara naye husimama katika duara la watu kila asubuhi, huulizwa swali kwa zamu yake, na hujibu akisikiwa na wote, pamoja na mama lishe aliye karibu, ambaye huenda siku ya ajali akawa ndiye mwenye simu.