Kodi ya Mume na Mke: Hesabu Moja au Mbili?

Katika Sheria ya Kodi ya Mapato ya Kenya, iliyotungwa mwaka 1973, kimo kifungu cha 45 ambacho wakazi wengi wa Umoja, Kayole na Buruburu hawajapata kukisoma, ingawa kinawafuata mpaka ndani ya nyumba zao: kwamba mapato ya mke anayeishi na mumewe yahesabiwe kuwa ni mapato ya mume. Kauli hiyo ni urithi wa sheria za Waingereza, ambao wao wenyewe waliiacha mwezi wa Aprili 1990. Kwetu makali yake yamepunguzwa, kwani mke ameruhusiwa kuwasilisha kando hesabu ya mshahara wake na ya kazi ya taaluma yake, na mwajiri humkata kila mtumishi kodi yake pekee. Lakini katika fomu ya marejesho ya iTax mume huulizwa kama angependa kutangaza mapato ya mkewe, na swali hilo ndilo mabaki ya zamani zile ambapo dola ilimjua mwenye nyumba mmoja tu.

Wako watu waadilifu wanaotetea hesabu moja kwa wanandoa, nao hawasukumwi na dharau kwa wanawake. Ili hoja yao ieleweke, tuchukue nyumba mbili za kubuni zinazopakana katika ghorofa moja ya Umoja, zenye kodi ya pango ile ile na watoto idadi ile ile. Katika nyumba ya kwanza mume hupata shilingi 100,000 kwa mwezi, na mke yuko nyumbani akilea watoto na kumtunza mama mkwe asiyejiweza. Katika ya pili mume na mke wote wawili wameajiriwa, kila mmoja kwa shilingi 50,000. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, shilingi 24,000 za mwanzo hutozwa asilimia 10, shilingi 8,333 zinazofuata asilimia 25, na kiasi kinachozidi hapo, mpaka kufikia laki tano, asilimia 30. Kisha kila mlipakodi hupunguziwa shilingi 2,400. Tukiacha kando makato mengine, mume wa nyumba ya kwanza atalipa takriban shilingi 22,400, ilhali wale wawili wa nyumba ya pili kwa jumla yao watalipa takriban 14,800. Fedha iliyoingia katika kila nyumba ni laki moja kamili, na tofauti ya kodi ni shilingi 7,600 kila mwezi.

Hapo mtetezi wa hesabu moja huuliza, na swali lake lina uzito, kwa nini wale wanaokula chungu kimoja watazamwe na sheria kana kwamba ni wapangaji wasiojuana. Ila dawa zake ni za namna mbili, nazo zapingana. Ya kwanza ni ile ya kifungu cha 45, yaani kujumlisha mapato yote chini ya jina la mume na kuyapitisha katika viwango mara moja: basi nyumba ya pili nayo italipa 22,400, na usawa utakuwa umepatikana kwa kuwatoza watu faini kwa sababu tu wameoana, kwani wangeishi mbalimbali wangelipa 14,800. Ya pili ni kujumlisha na kisha kugawa kwa mbili, kila nusu ikatozwa peke yake, kama Marekani walivyofanya tangu 1948 na Wajerumani tangu 1958, baada ya Mahakama yao ya Katiba kukataa, mwaka 1957, utaratibu uliowatoza wanandoa zaidi kuliko wasiooana. Kwa njia hiyo nyumba zote mbili zitalipa 14,800, lakini kapera wa chumba cha jirani apataye laki hiyo hiyo, au mjane anayeisomesha familia nzima kwa mshahara huo, ataendelea kulipa 22,400, na sijui ni kwa insafu gani tutamweleza mjane kwamba kosa lake ni kutokuwa na mume.

Hili si jambo la kurekebishwa kwa ufundi wa mtunga sheria. Kodi yenye kupanda kadiri mapato yanavyopanda, nyumba zenye mapato sawa kulipa sawa, na ndoa kutoongeza wala kupunguza kodi ya mtu: mawili katika haya yaweza kukutana, lakini yote matatu hayakutani kamwe. Kila nchi huchagua litakaloachwa, na mjadala wa haki, kwa hakika, ni mjadala wa kuchagua hilo.

Mimi naliacha lile la pili, na sababu yangu kubwa ni mke anayefikiria kuanza kazi. Mumewe hupata shilingi 60,000, naye ameahidiwa 20,000 katika duka la dawa huko Donholm. Akihesabiwa peke yake, kodi yake ni shilingi 2,000, na ile nafuu ya 2,400 yaifuta yote. Akijumlishwa juu ya mumewe, kila shilingi yake huangukia katika asilimia 30, na kodi ya nyumba huongezeka kwa shilingi 6,000. Hata kwa njia ya kugawa nusu, ambayo husifiwa kwa upole wake, kodi ya nyumba hupanda kutoka 3,000 hadi karibu 8,800, yaani shilingi 5,800 zimetokana na kazi yake. Ondoa hapo nauli ya matatu na ujira wa yaya, nawe utaelewa kwa nini wengi huambiwa, kwa nia njema, kwamba ni afadhali wakae nyumbani. Sheria haikumkataza kufanya kazi, lakini imempangia mshahara wake mahali pa juu kabisa pa ngazi ya mumewe.

Fauka ya hayo, zile nyumba mbili za Umoja hazilingani kama zinavyodhaniwa. Nyumba ya kwanza hupata laki moja pamoja na kazi ya mke, ambayo ni mapishi, ulezi na uuguzi, vitu vyenye thamani ambavyo haviguswi na kodi. Nyumba ya pili huvinunua vitu hivyo kwa fedha iliyokwisha kukatwa kodi. Na hoja ya chungu kimoja nayo haikosi kasoro, kwa kuwa si kila mke ajua mshahara wa mumewe, na wako wanawake ambao akiba yao ya chama ndiyo ulinzi wao wa pekee. Kuwalazimisha wamkabidhi mume hesabu zao ili yeye aziwasilishe ni kuwanyima sitara ambayo mwanamume hakupata kunyimwa. Katiba ya 2010, katika ibara ya 45, imewapa wanandoa haki sawa wakati wa ndoa, na ni vigumu kuona jinsi kifungu chenye kummeza mke ndani ya mume kinavyopatana na maneno hayo.

Kuna pia ugumu wa kumjua aliyeoa. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za wake wengi: je, mume wa Pumwani mwenye wake wawili agawe mapato kwa mbili au kwa tatu? Na wale walioishi miaka mingi Dandora kwa njoo-tukae, wakazaa na kusomesha bila cheti, watahesabiwa kundi gani? Hesabu ya mtu mmoja mmoja haihitaji afisa wa kodi kuyauliza hayo.

Lakini mama mkwe asiyejiweza bado yupo katika ile nyumba ya kwanza, na watoto nao wapo. Nafuu yetu ya shilingi 2,400 ni ile ile kwa kapera na kwa baba wa watoto watano. Ikiwa twataka kuwahurumia wenye mizigo, basi nafuu na ifungamanishwe na mtoto au mgonjwa anayelelewa, imfikie mjane na mume na mke kwa kipimo kimoja, bila ya kupitia katika ndoa ya mtu.