Jicho Moja Nene, Jingine Jembamba

Mhusika wa mchezo wa kompyuta aliyechorwa ndani ya pikseli 16 kwa 16 hana hata nukta moja ya kupoteza. Kila jicho ni pikseli moja nyeusi: la kwanza liko kwenye safu wima ya 6, la pili kwenye ya 9. Mkuze afike 24 kwa 24, yaani mara moja na nusu, na sura inaharibika papo hapo. Jicho la kwanza linapata upana wa pikseli mbili, la pili linabaki na moja.

Programu haijakosea. Kwa njia ya jirani wa karibu, kila pikseli ya picha mpya huangalia ni pikseli ipi ya zamani iliyo karibu nayo zaidi, kisha hunakili rangi yake bila kuichanganya na nyingine. Shida ni hesabu: pikseli 24 haziwezi kugawanywa sawasawa kwa 16, kwa hiyo safu moja hupata moja na inayofuata hupata mbili. Mkuze mara mbili au mara tatu kamili, na kila nukta inakuwa mraba uleule.

Njia ya kulainisha, ambayo programu nyingi za picha huitumia bila kuulizwa, hukwepa tatizo hilo kwa kuchanganya rangi za majirani. Matokeo yake ni ukungu wa kijivu pale ambapo nyeusi na nyeupe zilipakana. Kwa picha ya harusi ni sawa. Kwa mhusika huyu, ni kama kumvalisha miwani ya mtu mwingine.

Anayetumia ImageMagick anaweza kukuza mara nne, kisha akahesabu rangi za faili zote mbili:

```
magick mtu.png -sample 400% mtu4.png
magick identify -format "%k\n" mtu.png mtu4.png
```

Idadi zikilingana, hakuna rangi iliyozaliwa njiani. Zikiongezeka, kuna ulainishaji mahali fulani, au picha imewahi kupitia JPEG.

Watengenezaji wa Celeste, mchezo wa mwaka 2018, walichora ulimwengu wake kwa 320 kwa 180. Zidisha kwa 6 na unapata 1920 kwa 1080 bila hata pikseli moja kubaki. Kwenye laptopu ya 1366 kwa 768 hesabu hiyo haikubali: kizidisho kizima kikubwa kinachoingia ni 4, nacho hutoa 1280 kwa 720. Kinachobaki ni fremu nyeusi, pikseli 43 kila upande, na 24 juu na chini. Wapo wanaoichukia fremu hiyo na kuvuta picha ijaze kioo; mhusika akitembea, kingo zake hunenepa na kukonda hatua kwa hatua.

Na faili likiwa safi lakini kioo bado kinaonyesha ukungu, angalia ukuzaji wa Windows: laptopu nyingi huwekwa kwenye asilimia 125.